Shimo la mti chini ya jiko: kisa cha mpaka uliofunikwa na lava, Goma

Peve, yaani kumbukumbu ya maandishi ya kikao, ya kwanza niliyoiandika kuhusu kisa hiki ilikuwa na mistari minne, na ilikuwa mbaya. Ilisema hivi: "Pande zote mbili zimesikilizwa. Wazee wameshauri kipande kinachogombaniwa kigawanywe nusu kwa nusu. Wote wamekubali. Kikao kimefungwa." Nilikuwa karani wa baraza la wazee kwa mwezi wa pili tu, nikaona nimefanya kazi safi. Wiki mbili baadaye fundi alikuja kubomoa ukuta, akaweka kamba sentimita 80 kutoka pale ulipo, na mwenye ukuta akatoka na jembe mkononi. Kwa hesabu yake, nusu ilikuwa sentimita 50. Kila mmoja alikuwa amekubali nusu, lakini hakuna aliyekuwa ameandika nusu ya nini.

Ndiyo sababu wazee walikaa mara ya pili, na peve ya kikao hicho ndiyo ninayoichambua hapa. Majina nimeyaacha. Mlalamikaji nitamwita Mama, kama tulivyomwita barazani. Mlalamikiwa nitamwita Dereva kwa sababu ya kazi yake. Jirani wa tatu, ambaye mwanzoni alikuwa shahidi tu, nitamwita Mwalimu.

Parsele zao, yaani viwanja vyao, ziko Goma, katika sehemu ambayo lava ya Nyiragongo ilipita tarehe 17 Januari 2002. Aliyekuwa mjini wakati ule anakumbuka mto wa moto ulivyoshuka kutoka upande wa uwanja wa ndege, ukakata mji katikati hadi ziwani. Wenyeji walirudi wakakuta mawe meusi, mahali pengine marefu kuliko mtu, na chini yake nyumba, ua wa miyenzi, borni za kadastri, yaani alama za mpaka za ofisi ya upimaji ardhi, kila kitu. Watu walijenga juu yake, wengi nyumba za mbao, kila mmoja akikisia mahali pake. Kisa hiki kilifika barazani miaka 16 baada ya hapo.

Hali ilikuwa hivi. Avenyu inapita upande wa kusini, na parsele tatu zimepangana kuielekea. Kuanzia mashariki kuna ukuta wa zamani wa matofali ya kuchoma, wa nyumba ambayo lava iliishia mlangoni pake. Baada ya ukuta huo ni parsele ya Mama, kisha ya Dereva, kisha ya Mwalimu, halafu kichochoro. Makaratasi ya Mama na ya Dereva yote yanasema upana ni mita 15 kwenye avenyu na urefu ni mita 25. Dereva alinunua yake mwaka 2011 kutoka kwa mtoto wa mwenyeji wa zamani, na mwaka 2013 akajenga ukuta wa mawe ya volkano kati yake na Mama.

Mama alidai ukuta huo umehamishwa. Hakusema umejengwa pabaya; alisema umehamishwa, usiku, wakati yeye yuko kwenye kilio Rutshuru. Na alikuwa na hesabu. Wakati ukuta ulipojengwa, shemeji yake alipima upande wa Mama akapata mita 14. Mwaka ambao kesi ilikuja, alipima tena akapata mita 13 na sentimita 40. Ukuta wa mawe hautembei wenyewe. Dereva naye aliapa kwa watoto wake kwamba hajagusa jiwe hata moja, na kwamba siku ya kujenga alimwachia Mama mita 14 mbele ya macho ya watu.

Maneno haya si madogo. Kuhamisha alama ya mpaka ni kosa katika sheria ya jinai ya Kongo, na baraza halina mamlaka ya kuhukumu kosa. Kama wazee wangeandika kwamba Dereva amehamisha ukuta, peve ingekuwa mashtaka. Kama wangeandika hakuhamisha, Mama angekuwa mwongo mbele ya avenyu nzima. Katika kikao cha kwanza waliogopa pande zote mbili, ndiyo maana wakakimbilia nusu kwa nusu.

Jibu lilikuwa kwenye mgongo wa lava. Mzee mmoja, fundi wa mawe maisha yake yote, aliuliza swali moja tu: "Yale mawe ya kujengea nyumba ya kijana wako, uliyatoa wapi?" Mama akajibu aliyapasua hapohapo uani. Kumbe parsele yake ilikuwa na kilima cha lava katikati, kimo chake kama mita mbili, na kwa miaka kadhaa kijana wake alikuwa akikipasua kwa nyundo na patasi, mengine akijengea, mengine akiuza. Kilima kilikuwa kimekwisha. Dekametri, ile tepu ya kupimia, mwaka 2013 ilipanda kilima na kushuka. Dekametri ya sasa ilipita mahali tambarare. Ukivuta kamba juu ya mgongo wa mita mbili katika upana wa mita 13 na sentimita 40, unaongeza karibu sentimita 60. Ndizo sentimita zilizodaiwa kuibiwa usiku.

Mzee alilionyesha jambo hilo kwa kamba ya katani na bakuli. Aliweka kamba juu ya meza, akatia alama mwisho wake, kisha akageuza bakuli chini ya kamba ileile. Mwisho ukarudi nyuma. Niliandika onyesho hilo kwenye peve, kwa sababu mtu atakayesoma baadaye bila kuliona atauliza mita 14 zilikwenda wapi. Niliandika pia kwamba Mama, baada ya kuona, alisema mbele ya wote kwamba anaondoa neno "kuhamisha". Dereva aliomba neno hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Niliandika kwa herufi za kawaida.

Hilo lilitoa uchungu, lakini halikuleta mpaka. Ukuta haukuhamishwa, sawa. Je, ulijengwa mahali pake? Mama bado ana mita 13.40 na karatasi yake inasema 15. Hapo ndipo mashahidi walipoanza kuwa na maana, na ndipo nilipojifunza kuandika.

Katika kikao cha kwanza niliandika "mashahidi wamethibitisha". Safari hii, mzee mwenyekiti alinipa daftari lenye mistari akaniambia nipige mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto niandike aliyoyaona shahidi kwa macho yake, kulia aliyoyasikia kwa mtu. Na juu kabisa, kabla ya neno lolote, niandike ana uhusiano gani na pande mbili na kama ana kitu cha kupata au kupoteza. Kazi hiyo inachosha. Shahidi hasemi kwa mpangilio huo, anachanganya, na karani lazima amkatishe kwa adabu: "Mzee, hilo uliliona au uliambiwa?" Wengine wanakasirika. Mzee mmoja aliniambia, kijana, wewe ulikuwa bado kuzaliwa. Kweli, lakini ukurasa wake ulipokwisha, kushoto palikuwa na mstari mmoja na kulia mistari 19.

Shahidi aliyebadili kila kitu ni bibi mzee wa ng'ambo ya avenyu, tunayemwita Koko. Katika kikao cha kwanza alikuwepo, ameketi, na hakuna aliyemuuliza. Maneno yake niliyaandika kama alivyoyasema, kwa sababu wazee walinikataza kuyasafisha:

"Bwana ya huyu mama na ule papa mwenye mtoto yake aliuzishaka, walipandaka muti moja pa kona, kwa barabara. Grevilea. Walipanda pamoja, mi niko naona. Walisema ule muti ndio mpaka yetu, hakuna mutu atakata. Ilikuwaka muti mukubwa. Tulikuwaka tunauzisha ndizi chini yake. Lava ilikuja, ikaikula."

Nilimuuliza mti ulikuwa wapi. Akasema pa kona. Nikauliza kona ipi, akasema si ile kona. Mwenyekiti akainuka, akasema: hatuandiki kona, twende. Koko alivuka avenyu kwa fimbo yake, akasimama mahali alipokuwa akitandika ndizi, akatazama nyumba ya matofali, akatazama mlango wake mwenyewe, kisha akanyosha fimbo. Ilielekea jiko la Dereva, jiko la mbao lililoegemea ukuta upande wa ndani.

Dereva akacheka, akasema hapo hakuna mti, kuna mwamba mtupu. Mke wake ndiye aliyenyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakujua uzito wake. Alisema pale pembeni ya jiko kuna shimo, amelifunika kwa jiwe bapa. Humwaga humo maji ya vyombo na majivu, na tangu wahamie halijajaa.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu kuna watu Goma wanaokaa juu ya mashimo hayo bila kujua ni nini. Lava inapozunguka mti mkubwa, ile inayogusa gome hupoa haraka kwa sababu shina lina maji, ikaganda kama bomba. Kisha mti unaungua ndani. Kinachobaki ni shimo la mviringo, limesimama wima, lenye umbo la shina. Kwenye miteremko ya Nyiragongo, lava ya mwaka 1977 iliacha mashimo kama hayo msituni. Si kila tundu la lava ni mti. Ufa wa gesi au wa kupoa ni mrefu na mwembamba, kingo zake zina makali, na unaendelea kwenda mbali. Shimo la mti ni duara, ukingo wake ni laini, na ukipapasa kwa ndani unagusa mistari ya gome.

Jiwe liliondolewa. Shimo lilikuwa na kipenyo cha sentimita 35. Kijana wa avenyu alitaka kuingiza kichwa aangalie kwa simu, mzee fundi akamvuta shati: mahali pa chini palipofungwa katika mji huu panaweza kuwa na mazuku, ile hewa nzito isiyo na harufu inayoua mbuzi na watoto kwenye mabonde. Tulishusha fito, ikazama mita moja na sentimita 70 kabla ya kugusa uchafu. Kwa kopo lililofungwa kwenye waya tulipandisha majivu ya jikoni, matope, maganda ya ndizi, na chini kabisa vipande vya makaa vigumu vilivyoshikana na ukoko wa lava. Makaa ya juu hayakutuhusu; jiko lingeweza kuyaleta. Yale yaliyonata kwenye lava hayakutoka jikoni.

Upande wa Dereva ulileta hoja nzuri, na niliiandika yote. Walisema: hata kama ni mti, ni mti upi? Baraza likaomba namba ya yule mtoto aliyeuza parsele, anayekaa Bukavu sasa. Alipigiwa simu mbele ya wote, sauti imefunguliwa, bila kuambiwa kwanza kisa ni nini. Aliulizwa tu kulikuwa na miti gani kwao kabla ya lava. Akataja avoka moja nyuma ya nyumba, na grevilea moja mbele kwenye avenyu, "ile ya wazee". Kwenye peve niliandika kwamba ushahidi huu ni wa simu, kwamba sauti yake ilitambuliwa na Dereva mwenyewe, na kwamba hakutia sahihi. Yaliyo ya simu yaonekane ni ya simu.

Kisha kupima. Safari hii hakuna aliyelaza dekametri chini. Tulikamata ncha moja kwenye ukuta wa matofali, kwa sababu katika mstari ule wote ndicho kitu pekee kilichokuwa kimesimama kabla ya lava na bado kimesimama, na tukaivuta hewani, imenyooka, kimo cha kiuno. Mahali pa kusomea tulishusha kamba yenye jiwe. Shimo lilikuwa limeinama kidogo kuelekea upande lava ilikokwenda, kama sentimita kumi kati ya mdomo na chini. Lava ilikuwa imeusukuma mti kabla ya kuukamata. Kwa hiyo tulisoma kutoka chini, mahali shina lilipoota, si kutoka mdomoni. Tulipima mara tatu, wapimaji wakibadilishana: mtu wa Mama, mtu wa Dereva, kisha shefu wa avenyu. Kutoka ukuta wa matofali hadi ukuta wa Dereva ni mita 13.40. Hadi katikati ya mti ni mita 14.80.

Mama akataka 15, kwa sababu karatasi imesema 15. Wazee walibishana sana juu ya hizo sentimita 20, mpaka chai ikapoa. Mwisho walichukua mti. Sababu yao niliiandika kwa sentensi moja: karatasi ilinakiliwa na mtu aliyekuwa ofisini, mti ulipandwa na wenye ardhi wawili wakiwa pamoja. Binafsi nadhani walikuwa sahihi, lakini nakiri kwamba kama yeyote kati yao angekuwa na cheti cha usajili, mjadala huo usingekuwepo. Chini ya sheria ya ardhi namba 73-021 ya 20 Julai 1973, haki juu ya parsele inathibitishwa na cheti hicho, na baraza la wazee haliwezi kusogeza mstari wake hata kidole. Hapa hapakuwa na cheti. Palikuwa na fishi parselere na karatasi za mauzo tu. Kabla ya kuanza kupima, mwenyekiti aliwauliza wote wawili swali hilo, na jibu la kila mmoja limo kwenye ukurasa wa kwanza. Karani anayelisahau swali hilo anaweza kuandika kurasa 20 zisizo na kazi.

Kwa nyuma hapakuwa na mti. Wazee walichukua mstari ulio sambamba na ukuta wa matofali, mita 14.80 hadi mwisho, na kule ukuta wa Dereva ulikuwa kwenye mita 14.40. Kipande kilichokuwa kikigombaniwa, basi, ni kama kabari: mita 1.40 mbele, sentimita 40 nyuma, urefu mita 25. Eneo lake ni mita za mraba 22 na nusu. Huenda ni mara ya kwanza pande zote mbili zilijua zinagombania kitu cha ukubwa gani.

Sasa Mwalimu. Alitoa ushahidi kwamba ukuta wa Dereva uko sawa, na alikuwa na uhakika mkubwa. Lakini mstari wa juu kabisa wa ukurasa wake unasema: "Jirani wa magharibi wa Dereva. Ukuta wake ulijengwa mwaka 2003, baada ya lava." Tulipopima, Dereva alikuwa na mita 15 na sentimita 10 kati ya kuta mbili. Hakuwa mwizi, alikuwa amehesabu mita zake kwa haki kuanzia ukuta wa Mwalimu. Na Mwalimu alikuwa ameanzia kwenye kichochoro, ambacho mwenyewe alikubali kwamba kabla ya 2002 hakikuwepo; ni njia ambayo magari yalijitengenezea juu ya mawe, ikabaki. Mstari mzima ulikuwa umesukumwa kuelekea mashariki, na Mama, aliyebanwa na ukuta wa matofali, ndiye aliyelipia wote.

Kabla ya maafikiano kulikuwa na jambo la nani anatia sahihi. Shemeji wa Mama alikuwa ameketi mbele tangu asubuhi, na katika peve ya kwanza mimi mwenyewe nilikuwa nimemwandika yeye kama mlalamikaji. Nilikosea. Mume wa Mama alikufa, na katika Sheria ya Familia ya Kongo watoto ndio warithi wa kwanza, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa na kuitumia nyumba. Shemeji angeweza kuwa shahidi, si mwenye mali. Kijana mkubwa wa Mama, mtu mzima, aliitwa kutoka kazini akatia sahihi kwa niaba yake na wadogo zake, na Mama akatia yake. Upande wa pili walitia Dereva na mke wake wote wawili, kwa sababu parsele ilinunuliwa wakiwa wameoana. Shemeji alinuna mpaka alipowekewa kiti karibu na kasiksi, ile pombe ya ndizi.

Maafikiano yenyewe nayanakili karibu kama yalivyo:

"Pande mbili zinakubaliana kwamba mpaka kati yao unaanzia kwenye katikati ya chini ya shimo la grevilea, mita 14.80 kutoka uso wa magharibi wa ukuta wa matofali, na unakwenda kaskazini ukiwa na umbali huohuo hadi mwisho wa parsele. Vipimo vimechukuliwa kwa kamba iliyonyooka, si juu ya ardhi.

Dereva ataondoa jiko la mbao katika siku 60. Ukuta wa mawe utabomolewa na kujengwa juu ya mpaka kwa mawe yaleyale. Dereva analipa fundi, Mama anatoa saruji na mchanga.

Choo cha Dereva, kilicho ndani ya kipande, hakitabomolewa. Atakitumia hadi kijae, na kwa vyovyote si zaidi ya miaka mitatu tangu leo. Hakitachimbwa upya, hakitapanuliwa, na kikifungwa mahali pake panarudi kwa Mama bila malipo. Hadi hapo ukuta utapita mashariki ya choo, na kupita kwake hapo hakubadilishi mpaka.

Shimo la mti litajazwa mawe na saruji, na ndani yake kitasimamishwa chuma kinachoonekana. Hakuna upande utakaokigusa.

Mama hadai chochote kwa miaka iliyopita. Neno la kuhamisha ukuta limeondolewa.

Peve hii haimfungi jirani yeyote ambaye hakutia sahihi."

Kipengele cha choo ndicho kilichochukua muda mrefu zaidi, na mtu asiyejua Goma anaweza kushangaa. Hapa kuchimba choo ni kupasua mwamba kwa nyundo, siku hadi siku, na gharama yake inaweza kupita thamani ya ardhi yenyewe. Kumlazimisha Dereva akiache siku hiyo kungemfanya akatae yote. Kumwachia bila mwisho kungempa Mama mpaka wa karatasi tu. Miaka mitatu ilitoka kwa mke wa Dereva, aliyejua choo kimebaki na kina gani kuliko wanaume wote waliokuwa wakibishana. Ile sentensi inayosema ukuta wa muda haubadilishi mpaka iliongezwa na kijana wa Mama. Alikuwa amejifunza kutoka kwa ukuta wa Mwalimu kwamba mawe yakikaa sana watu huyaamini.

Peve ilisomwa kwa sauti, kwanza kama nilivyoiandika, kisha kwa Kiswahili cha avenyu kwa ajili ya Koko, ambaye aliweka kidole gumba. Nakala nne: Mama, Dereva, shefu wa avenyu, daftari la baraza. Kila ukurasa ulitiwa alama na pande mbili, si wa mwisho tu. Kurasa zisizo na alama hubadilishwa.

Watu waliniuliza karatasi hiyo ina nguvu gani. Si hukumu. Polisi hawawezi kuja kubomoa jiko kwa sababu yake, na haizai cheti. Lakini ni mapatano, na sheria ya mikataba ya Kongo, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Mmoja akivunja, mwenzake anaipeleka kwa hakimu, na hakimu anakuta vipimo, sahihi, na majina ya walioshuhudia. Peve yangu ya mistari minne isingemfaa hakimu kwa lolote. Hii pia waliipeleka kadastri, mpimaji akaja na vyombo vyake kuweka borni, na akachukua ule mti wa chuma kama mwanzo.

Jiko liliondoka siku ya 52. Wakati fundi alipokuwa akipanga mawe, Mwalimu alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma, akatazama chuma kilichosimama katika saruji. Alijua hesabu kama sisi: ukianzia pale na kumpa Dereva mita zake 15, unafika ndani ya sebule ya mtu mwingine, mita moja na sentimita 30. Alimuuliza mwenyekiti, kwa utani ambao haukuwa utani, kama baraza linakaa Jumamosi ijayo pia.

Mwenyekiti alimwambia linakaa, na aje na mke wake. Kisha akaniambia nifungue ukurasa mpya na nipige mstari katikati.